Miaka Aliyoiruka Mchanjaji

Lesikar alikuwa amechoka, na tuseme ukweli, alikuwa na haki ya kuchoka. Tangu Wajerumani wamfanye mchanjaji wa ndui wa boma la Arusha, alikuwa ameuzunguka mlima Meru kwa miguu mpaka magoti yake yakawa yanalia kila anapoinuka. Leo yuko Usa, keshokutwa yuko Kisongo, halafu anarudi kulekule alikotoka kutazama kama chanjo imeshika. Dawa yenyewe ina deko kama mtoto wa mwisho: ikipata joto tu, imekufa. Ilibidi aizungushie kitambaa kibichi, aifunge ndani ya magome ya mgomba, na atembee alfajiri kabla jua halijapanda. Akifika, kina mama wanakimbilia migombani na watoto wao, na wazee wanamwuliza kama ametumwa na serikali kuwahesabu. Kazi gani hiyo, jamani!

Nyumbani kwake ilikuwa magharibi ya mlima, na mkewe Nosim alikuwa akilima peke yake, akikamua peke yake, akiuguza watoto peke yake. Lesikar alifika kama mgeni, akala, akalala, akaondoka. Binti yao mdogo alikuwa ameanza kumwita "yule baba wa boma", na Nosim hakumsahihisha.

Kwa hiyo siku Daktari wa boma alipomwita na kumwambia maneno aliyomwambia, Lesikar alikaribia kucheza ngoma palepale.

"Nipatie kijana mmoja," alisema Daktari kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Anajua kusoma, anajua kuandika, hataogopa damu. Aende Tanga kufundishwa, na kundi la mwezi ujao. Nikiwapa huyo, Tanga wananipa mmoja aliyemaliza, achukue kazi yako; wewe utamwonyesha njia, kisha nenda kwako, lima. Kama hakuna kijana, basi unabaki mpaka kundi lingine."

"Kundi lingine ni lini, Bwana Daktari?"

Daktari aliinua mabega. Hapo ndipo Lesikar alipojua kwamba jambo lenyewe ni la kufa na kupona.

Vijana wa kusoma na kuandika walikuwa mahali pamoja tu: darasa la juu la shule ya misheni, kule mlimani. Siku zile hakuna aliyejua neno sekondari, lakini ndilo lililokuwa hilo. Ni wavulana wenye ndevu za kwanza, waliokwisha maliza kusoma kwa kuimba na sasa wanajiuliza watakuwa nani: karani, mwalimu, mpimaji, au warudi nyuma ya ng'ombe wa baba zao. Kila mwaka mwalimu wao, Naftali, Mchaga wa Machame, alimwalika mtu mwenye kazi aje awaeleze kazi yake na jinsi alivyoifikia. Mwaka uliopita alikuja karani mmoja, akajisifu tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Kijana mmoja alimfuata, akatoroka kabla mwezi haujaandama.

Lesikar akaomba nafasi, akapewa. Sasa ikabaki kuitengeneza hotuba.

Alianza kuitengeneza njiani, akitembea na mzigo wake, akijisemea kwa sauti mpaka wachunga ng'ombe wakamdhania amerukwa na akili. Jumapili akaifikisha nyumbani, akamkalisha Nosim, akamwambia asikilize.

"Nilizaliwa huku huku," akaanza, amesimama wima kama askari. "Nikaumia mkono, nikatibiwa bomani. Nikawa mtumishi wa yule aliyenitibu. Alipohamishiwa Tanga nikaenda naye. Nikafundishwa hospitali. Nikarudi. Nikapewa kazi ya kuchanja. Nikaenda Usa, nikaenda Kisongo, nikaenda..."

Nosim alikuwa anapura maharage. Hakuinua hata uso.

"Baba Sinyati, hiyo ni hotuba au unanionyesha njia ya kwenda sokoni?"

"Ndiyo maisha yangu hayo!"

"Maisha yako nayajua mimi. Hayo uliyosema ni majina ya mahali. Hakuna mtu ndani yake." Akapepeta ungo, makapi yakamwangukia mumewe miguuni. "Waambie treni basi. Waambie koti jeupe. Vijana wanapenda koti."

Lesikar akarekebisha. Akatia treni, akatia koti, akatia bahari ya Tanga na taa za barabarani. Ilipendeza hata yeye mwenyewe akatamani kwenda tena. Ndivyo alivyoipeleka kwa Mwalimu Naftali siku chache kabla, wakaketi kwenye benchi nje ya darasa.

Naftali alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mpole, ila upole wake una miiba.

"Ndugu yangu," alisema, "hapa umewapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Watakwenda wote, na watarudi wote. Mtoto aliyeahidiwa koti jeupe, akikabidhiwa ndoo ya usaha siku ya kwanza, unadhani atakaa?"

Lesikar akacheka bila kupenda. "Mimi nilipewa ndoo mwaka mzima."

"Lisemwe hilo."

"Hawatakuja, Mwalimu!"

"Atakuja mmoja, wa kukaa. Wewe unataka wangapi?" Naftali akaokota kijiti, akachora mstari mmoja mrefu mavumbini. "Hii ndiyo njia yako. Usinitajie kila jiwe. Nitafutie pale ilipogawanyika, pale ambapo ungeweza kwenda huku ukaenda kule. Pengine ni mahali patatu, pengine panne. Kila mahali niambie ulitaka nini, ukafanya nini, kikakugharimu nini. Hapo kijana atajiona mwenyewe amesimama kwenye njia panda hiyo. Halafu, mwishoni, usimwambie awe kama wewe. Mwambie afanye nini mwezi huu huu. Na waachie nafasi waulize, maana anachokitaka kijana kukijua si kile tunachotaka kumwambia."

Wakaanza kuchimbua. Njia panda ya kwanza ilikuwa bomani: mkono ulikuwa umepona, baba yake alikuja kumchukua, naye akakataa kurudi. Kwa nini? Kwa sababu alimwona yule tabibu akifungua jipu la askari aliyekuwa akilia, na kesho yake yule askari anacheka. Alitaka kujua amefanyaje. "Anza na hapo," alisema Naftali, "acha habari za kuzaliwa, kila mtu amezaliwa." Ya pili ilikuwa Tanga. Alikuwa hajui herufi, akachukua chupa kwa rangi yake, akakaribia kumnywesha mgonjwa dawa ya kusafishia vidonda. Alirudishwa kwenye ndoo. Angeweza kutoroka, wenzake walitoroka, yeye akaenda shule ya jioni pamoja na watoto wadogo akajifunza kusoma. "Hapo wataamka," alisema Naftali, "kwa sababu wao tayari wanasoma. Wataona wamekutangulia."

Halafu Naftali akaweka kijiti katikati ya mstari.

"Na hapa? Ulirudi kutoka Tanga, na baadaye ndiyo ukaanza kuchanja. Katikati kuna nini?"

Lesikar akatazama mlima. "Hakuna kitu."

"Hakuna?"

"Hakuna, Mwalimu. Niliruka tu hapo."

Naftali hakumchokoza zaidi, akafuta mchoro kwa kiatu.

Kilichokuwapo kilikuwa hiki, na kila Mwarusha alikijua bila kuambiwa. Lesikar alipokuwa Tanga, wavulana aliozaliwa nao na kuchunga nao waliingia jandoni, wakatoka vijana wa rika moja. Mlango wa rika lile ukafungwa. Alipopanda tena kutoka pwani na maarifa yake yote, alikuwa mtu mzima asiyetahiriwa, na kwa Waarusha, watu wake, huyo ni mtoto bado. Akangoja. Rika jingine lilipofunguliwa akatahiriwa pamoja na wavulana wenye miguu myembamba, na tangu hapo hao ndio wenzake. Marafiki zake wa utotoni waliketi na wazee wakagawa mashamba na kuamua kesi. Yeye, na mvi zake, aliketi na vijana, akasema baada ya kuruhusiwa. Kitu hicho kilimuuma kuliko magoti. Hakuwa tayari kukiweka mezani mbele ya wanafunzi, eti kiwe mfano.

Siku ya hotuba ikafika, na darasa likajaa. Wavulana walipita mmoja mmoja wakiinamisha vichwa awaguse utosini, kama desturi inavyotaka. "Shikamoo, baba. Shikamoo, baba." Wengine walikuwa Wameru, wengine Wachaga, wengine Waarusha wa mbali. Wa mwisho alikuwa mrefu, mwenye macho yasiyopepesa, jina lake Lemburis. Aliinama kama wenzake, akasema, "Shikamoo, kaka."

Lesikar alimgusa utosi. Alimtambua. Alikuwa mdogo wa mtu aitwaye Lerionka, na Lerionka alikuwa ametahiriwa siku moja na Lesikar; kwa hiyo kwa kijana huyu Lesikar alikuwa kaka, si baba.

Akajikaza, akaanza. Na jamani, alianza vizuri! Hakusema alizaliwa wapi. Alipandisha mkono wa shati akawaonyesha kovu la zamani, akawapeleka moja kwa moja bomani, kwa askari aliyelia na jipu lake. Alipofika kwenye ndoo ya usaha walicheka wakaziba pua. Alipofika kwenye chupa aliyoichagua kwa rangi, Mwarusha mmoja wa mbele alinong'ona, "Akafa?" "Hakufa," alisema Lesikar, "dada wa zamu alinishika mkono. Ndipo nilipojua kwamba asiyesoma anaweza kuua huku anapenda kuponya." Kisha akawauliza nani ana alama ya chanjo begani. Mikono ikainuka karibu yote, na wengine alikuwa amewachanja yeye mwenyewe, wakiwa wavulana wa kuchunga mbuzi, wakipiga makelele nyuma ya mama zao. Akawaeleza kwamba kukwaruza ngozi ni kazi ya kitambo kidogo, bali kurudi juma linalofuata kutazama kama kipele kimetoka, hiyo ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu kisipotoka mtu anatembea akidhani amekingwa kumbe hajakingwa.

Naftali, pembeni, alikuwa anatabasamu.

"Anayetaka kazi hii," alimalizia Lesikar, "mwezi huu aje bomani siku moja tu. Asije kuangalia koti. Aje afue bendeji na mimi, halafu aende nyumbani alale, aone kama kesho atataka kurudi. Kundi linaondoka mwezi ujao, kwa miguu mpaka Moshi, halafu treni mpaka Tanga. Sasa ulizeni."

Waliuliza kama damu inanuka, kama Wajerumani wanapiga, kama chakula cha hospitali kina nyama. Aliwajibu bila kuficha. Halafu Lemburis akasimama.

"Kaka," alisema, na wenzake wakageuka kumtazama kwa neno hilo. "Umesema ulirudi kutoka Tanga, halafu umesema ukaanza kuchanja. Hapo katikati umeruka. Wewe na kaka yangu Lerionka ni rika moja. Kaka yangu ni kijana, wewe una mvi. Ilikuwaje?"

 Naftali alisogea hatua, maana mambo ya jando hayakuwa mambo ya kuzungumzwa darasani, Mchungaji wa misheni asingependa. Lesikar alimwinulia mkono akae.  Angeweza kumfokea, na mtoto asiyetahiriwa angekaa chini, na hotuba ingeisha kwa makofi. Lakini akawaona wale wavulana wa Kiarusha wakimtazama, na akaelewa, kwa uchungu, kwamba wote walilijua tangu alipoingia mlangoni. Walikuwa wamemsikiliza muda wote huo wakingoja waone kama atalisema.

"Ilikuwa hivi," alisema. Sauti ilimtoka ndogo. "Mimi nilipokuwa najifunza kusoma chupa, wenzangu walikuwa jandoni. Nilipata habari kwa mtu wa msafara. Nilikuwa na ruhusa ya kurudi, nikasema nitarudi mwakani, masomo kwanza. Hakuna aliyeniambia mwakani mlango utakuwa umefungwa. Au nilijua, nikajifanya sijui." Akajifuta jasho. "Baba yangu alikufa akiwa na mtoto wa kiume mkubwa ambaye ni mtoto. Leo wazee wakigawa ardhi, mimi naambiwa ningoje. Nimewachanja watoto wao wote, na bado nangoja. Hilo ndilo lililonigharimu, na hakuna daktari aliyenilipa."

Hakuna aliyecheka. Alipotoka nje alikuwa ametoka jasho mgongo mzima, lakini, ajabu, kifua kilikuwa chepesi kidogo.

Wakati wengine wanakimbilia chakula, Lemburis alibaki.

"Mimi nitakwenda," alisema.

Lesikar alimtazama Naftali, na Naftali aliitikia kwa kichwa kwa nguvu, kwamba ndiye huyu. Kijana bora wa darasa: mwandiko safi, moyo mgumu, na ndiye aliyekuwa akiwafunga wenzake vidonda wakiumia uwanjani. Lesikar alimwona Nosim machoni pake kama aliyesimama hapo. Alijiona ameketi kizingitini asubuhi, hana safari. Ilibaki kusema neno moja tu, karibu, na yeye amekwisha kuwa huru.

"Damu huogopi?"

"Siogopi."

"Baba yako anajua?"

"Atakubali. Ametaka nipate kazi ya serikali." Kijana akasita. "Anasema nitarudi kwa jando baadaye."

"Lako ni lini?"

"Baada ya mavuno haya. Ndilo la mwisho. Wazee wamesema baada ya hapo wanafunga rika."

Lesikar alikaa kwenye benchi. Mavuno yalikuwa bado, na kundi linaondoka mwezi ujao. Mtu akishafika Tanga, hata akiruhusiwa kurudi, husema mwakani. Hilo alilijua kuliko mtu yeyote chini ya mlima huu. Alinyamaza, na katika kunyamaza kwake kulikuwa na tamaa kubwa ya kuendelea kunyamaza. Mtoto ameamua mwenyewe, baba yake ameridhia, mwalimu ameridhia. Na wewe, Lesikar, umekwisha mwambia ukweli wote mbele ya watu. Unadaiwa nini tena?

"Umenisikia nilivyosema mle ndani?" aliuliza.

"Nimekusikia. Ndiyo maana nataka kwenda. Wewe hukuambiwa, mimi najua."

"Kujua hakukusaidii kitu, mdogo wangu. Na mimi nilijua." Akainuka, magoti yakalia. "Huendi mwezi ujao. Nenda jandoni na wenzako, upone kabisa, ukae nao. Halafu uje kwangu bomani. Kundi lingine likiondoka, utakuwa wa kwanza."

"Na kama halitakuwapo?"

"Litakuwapo. Nitakuwa hapo nikilingoja nawe."

Kijana aliinamisha kichwa, akaguswa, akaenda. Naftali akabaki amesimama, mdomo wazi.

"Lesikar, ndugu yangu! Hakuna mwingine aliyejitokeza. Unajua maana yake?"

"Najua, Mwalimu. Usinitajie."

Aliteremka akaikata njia ya magharibi, akafika kwake jua likiwa bado juu. Nosim alikuwa amefagia ua wote. Loshoro, mahindi ya kuchemsha na maziwa ya mgando, ilikuwa tayari, na mbuzi wa makaribisho alikuwa amefungwa mtini, wa kuchinjwa kwa furaha ya kumpokea mume nyumbani. Lesikar alisimama hapo getini pa miti na hakujua aanze wapi. Kwa jambo hili hakuwa amejiandaa hata kidogo.

"Amepatikana?" aliuliza Nosim.

"Amepatikana."

Nosim akapiga kigelegele, na watoto wakatoka nje mbio.

"Ila si mwezi ujao," alisema Lesikar, akamweleza yote: Lemburis, jando la mwisho, mlango wa rika, na neno alilomwambia. Aliongea bila mapambo. Nosim alimsikiliza, na kadiri alivyosikiliza uso ulikuwa unamfunga.

"Ungenyamaza tu," alisema hatimaye. "Hakuna aliyekuuliza. Ungenyamaza."

"Ningekuwa nimemfanyia kile nilichofanyiwa."

"Ndiyo!" Machozi yalikuwa yanamtoka, ya hasira kuliko ya huzuni. "Mtoto wa watu umemwonea huruma, hutaki aketi na watoto akiwa na mvi. Vizuri, Baba Sinyati, umefanya vizuri sana. Na mimi je? Mimi nimeketi na nani miaka yote hii?"

 Lesikar alimfungua mbuzi kamba akamwacha aende malishoni na wenzake, kisha akaingia ndani kutafuta kitambaa cha kulowesha kwa safari ya Usa.